Filamu Mbovu ya Kucheka Haiokotwi Ovyo

Mwaka jana nilipata aibu juu ya dari la nyumba yetu hapa Lamu, na tangu siku hiyo sichezeshi filamu mbele ya watu bila kuipima. Tulikuwa kumi na wanne: binamu, mashemeji, jirani wawili wa Langoni, na shangazi yetu mkubwa tuliyedhani atapanda, anywe kahawa, kisha ashuke zake. Hakushuka. Akavuta jamvi akakaa mbele kabisa.

Nilikuwa nimewaahidi filamu mbovu kupita zote, nikaleta The Room ya mwaka 2003. Tommy Wiseau aliiandika, akaiongoza, na mhusika mkuu akawa yeye mwenyewe. Inasemekana ilimla dola milioni 6, na ukiitazama hujui zilikwenda wapi. Kuna miji ambako watu huijaza sinema usiku wa manane, na kila picha ya kijiko iliyotiwa fremu ikionekana pale sebuleni mwa mhusika, wao hurusha vijiko vya plastiki. Nami nilinunua pakiti mbili za vijiko, nikagawa.

Nilichosahau ni kwamba filamu hiyo ina mambo ya chumbani, nayo huanza mapema, kwa utulivu, muziki laini, na hayaishi upesi. Rimoti ya projekta sikuiona. Nikavua kofia nikaziba lenzi. Tukabaki gizani tunasikiliza muziki, watu na vijiko vyao mkononi, mpaka shangazi akauliza, "Mwanangu, hii ndiyo ya kuchekesha?"

Basi jambo la kwanza ni hilo: itazame yote peke yako kabla, uwe unajua nani atakaa jamvini. Lakini hata tungekuwa vijana watupu, nilikuwa nimekosea kwa sababu nyingine iliyonichukua muda kuielewa. Kicheko cha The Room kimo masikioni. Ni lafudhi ya yule bwana, na maneno ambayo hakuna Mwingereza wala Mmarekani angeyasema hivyo. Mama anamwambia bintiye kwamba ana saratani ya matiti, kisha habari hiyo haitajwi tena hadi mwisho. Ili ucheke lazima uwe unafuata kila sentensi. Nusu ya wageni wangu walimwona tu mwanamume mwenye nywele ndefu akimlalamikia mchumba wake, na hilo wanalipata mtaani bila umeme.

Kwa hiyo siku hizi natafuta ubovu wa macho: nguo ya zimwi inayoonyesha mshono, mtu anayekufa kwa mtindo ambao mtu hafi, chakula kilichopakwa rangi. Na naangalia nia ya mtengenezaji. Aliyetaka kweli kututisha au kututoa machozi, akashindwa, huyo ndiye wetu. Filamu iliyofanywa mbovu kusudi, kama Sharknado ya 2013 yenye papa waliobebwa na kimbunga, hukukonyeza tangu mwanzo. Dakika kumi watu wanacheka, kisha kila mtu yuko kwenye simu yake.

Adui mkubwa kuliko aibu ni uchovu. Ubovu mwingi hauchekeshi hata kidogo, unachosha tu. Birdemic, ile ya ndege wanaoshambulia watu, ina ndege wa kompyuta wa kukuvunja mbavu, ila utawangoja karibu nusu ya filamu huku watu wakiendesha magari na kula chakula cha jioni. Mimi hupima hivi: nafungua dakika ya 10, ya 40 na ya 70, kila mahali natazama dakika tatu. Nikicheka mahali pawili nikiwa peke yangu, kumi na wanne watacheka. Pale pa 40 ndipo pa kutilia maanani zaidi, kwa sababu filamu mbovu nyingi zina mwanzo na mwisho, katikati hamna kitu.

Iliyofaulu kipimo hicho nikaileta mwezi uliofuata ni Troll 2 ya mwaka 1990. Jina lenyewe ni kichekesho, maana troll ni jitu la ngano za Kizungu, na humo hamna hata mmoja, na wala haihusiani na ile ya kwanza. Mwongozaji ni Mwitaliano, Claudio Fragasso, aliyepigia filamu Utah, Marekani, na waigizaji wengi wao hawakuwa na uzoefu wowote. Anayecheza baba alikuwa daktari wa meno.

Familia inakwenda likizo kijiji kiitwacho Nilbog. Hilo ni goblin, zimwi, likisomwa kinyume, na mtoto wao hugundua akiwa ameshachelewa. Mazimwi hayo hayali nyama. Yanakupa chakula cha kijani, ukila unageuka mmea, ndipo yakutafune. Wanafika, wanakuta meza imeandaliwa na wenyeji, mikate na vitu vimepakwa kijani kibichi. Mtoto anajua, wazazi hawajui. Mzimu wa babu yake unamsimamishia wakati kwa sekunde 30 azuie balaa, naye haoni njia nyingine isipokuwa kukojolea meza nzima.

Pale darini palilipuka. Lakini kilichowamaliza ni kinachofuata. Baba anambeba mtoto chumbani, amewaka, anamwambia ukarimu wa watu haukojolewi, kisha anashika mshipi wake. Sote tumelelewa Lamu, tunajua mshipi ukishikwa kinachofuata. Shemeji wangu akajikunyata kabisa. Na yule baba anaukaza mshipi tundu moja, eti asisikie njaa, kwa kuwa chakula kimeharibika! Shangazi alicheka hadi akashika nguzo. Hakuhitaji Kiingereza kuelewa baba aliyeaibishwa na mwanawe mbele ya chakula cha watu.

Kuna mahali mwanamke anamtongoza kijana kwa gunzi la mahindi, wanaling'ata pamoja mpaka bisi zinawamwagikia. Nilijua dakika yake, nikawa tayari na kofia, lakini ni upuuzi mtupu, nikaiacha ipite.

Kosa moja nililifanya hata usiku huo: nilikuwa nikisema "ngojeni sasa, ngojeni." Binamu yangu akaniambia ninyamaze au nishuke, na alikuwa na haki. Ukitangaza kicheko umekiua. Useme jambo moja tu kabla ya kuanza, kwamba aliyeitengeneza hakuwa akitania, kisha ukae.

Kama kundi lako ni gumu, tangulizeni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, kazi ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala. Iko YouTube bure na ni ya saa moja na kitu. Ndani yake kuna VJ Emmie anayepiga kelele juu ya picha, anamsifu huyu, anamcheka yule, na yeyote aliyekulia muvi za DJ Afro atajisikia nyumbani mara moja. Hii siihesabu kuwa mbovu. Walikuwa na pesa kidogo sana na wanajua wanachofanya, mnacheka pamoja nao. Faida yake kwako ni kwamba ikiisha, midomo ya watu imeshafunguka, kila mmoja ni VJ, na Troll 2 inakuta uwanja uko tayari. Pakua zote mbili mapema tu, na shuka la kuonyeshea picha ulikaze kwa mawe chini. La kwetu lilijaa upepo wa kusi, na zimwi mmoja akawa na mimba.

Kesho yake adhuhuri mtoto wa jirani alibisha hodi na sinia limefunikwa kawa. Chini yake bakuli la mchicha, kijani, unatoa moshi. Shangazi alikuwa amemtuma na maneno: "Kuleni, mugeuke miti."