Maswali na majibu: Kabla hujasaini fomu ya makato

*Wakala wa bima anasema nisaini tu, sehemu nyingine atajaza mwenyewe ofisini. Ni sawa?*

Hapana. Na swali hili naona litanifuata hadi kaburini. Kila nafasi ijazwe mbele yako, isiyohitajika ipigwe mstari, kisha upige picha fomu yenyewe.

*Kwenye fomu wameandika "kila wiki 4". Si ndiyo mwezi?*

Siyo. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo utakatwa mara 13. Kama kiasi ni shilingi 50,000, ulidhani utalipa 600,000 kwa mwaka, kumbe ni 650,000. Tena tarehe ya kukatwa itakuwa inarudi nyuma kidogo kidogo, hadi siku moja ikute mshahara bado haujaingia. Futa, andika "kila mwezi", weka saini pembeni ya marekebisho. Wakikataa, omba fomu mpya.

*Deni la Saccos nalilipa kwa agizo la kudumu benki, miezi 24, kuanzia 5 Machi 2025. Tarehe ya mwisho ni 5 Machi 2027, sivyo?*

Hapo umejiongezea rejesho la 25. La kwanza ni Machi 2025, la 12 ni Februari 2026, la 24 ni tarehe 5 Februari 2027. Kosa hili wanalifanya hata wenye shahada, kwa sababu wanajumlisha miaka badala ya kuhesabu marejesho. Kama fomu ina nafasi ya idadi ya malipo, andika 24, kisha hakikisha idadi na tarehe zinakubaliana. Mkiacha mwisho wazi, au mkiandika "hadi nitakapotoa taarifa", benki itaendelea kutuma hata deni likiisha. Benki haijui unadaiwa kiasi gani; inatekeleza ulichoandika. Kuzidai hizo za ziada ni kazi yako, na utazidai kwa Saccos.

*Mshahara unaingia tarehe 28. Nikiweka makato tarehe 25?*

Weka tarehe 2. Mishahara huchelewa, na malipo yakikwama kwa salio dogo unaweza kutozwa adhabu pande zote mbili.

*Mbona bima wamenikata zaidi ya mwezi uliopita, na mimi sikusaini kiasi kipya?*

Soma ulichosaini. Agizo la kudumu unalitoa wewe kwa benki yako, na kiasi hakibadiliki mpaka ukibadilishe. Idhini ya makato ni kitu kingine: umemruhusu anayekudai aje kuchukua mwenyewe, na kama fomu haikuweka kikomo, anaweza kuja na kiasi kipya. Ndiyo maana nasema kila siku, tafuta sehemu ya "kiasi kisichozidi" na uijaze kwa tarakimu na kwa maneno.

*Namba ya akaunti nimetumiwa kwa meseji. Niinakili tu?*

Usiinakili hiyo. Ichukue kwenye mkataba, isome tarakimu moja moja, mwenzako akifuatilia kwa kidole. Usitegemee jina likuokoe. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaweza kutua kwa mtu mwingine kila mwezi, nawe ukabaki unadaiwa.