Dalali yuko katikati ya picha, ndo anashika soko la dagaa?

> Wakuu, nimechora kwa Gephi mtandao wa wanaouziana dagaa kati ya Mwaloni Kirumba na Nansio. Kuna dalali mmoja katokea katikati kabisa, ndo tuseme yeye anashika soko? Na mbona nikirun upya picha inageuka?

Mkuu hapo katikati usipaamini kwanza. Data yako inajua vitu viwili tu, nani yupo na nani kauziana na nani, mambo ya nani akae wapi kwenye skrini hayamo kabisa, hayo kayapanga ForceAtlas2, ile layout ya Gephi inayopanga nukta. Yenyewe inafanya hivi: kila nukta inazisukuma zingine zote, halafu zenye mstari kati yao zinavutana, vuta nikuvute hiyo inaenda mpaka zitulie. Juu, chini, kushoto, kulia hazina maana yoyote. Na inaanzia pale nukta zilipokuwepo, kwahiyo ukianzia pengine inatulia pengine. Bonyeza `Random Layout` kwanza ndo urun ForceAtlas2, rudia rudia hivyo. Wale wanaorundikana pamoja kila ukirudia hao waangalie vizuri, ila kama fulani leo yuko karibu na fulani na ukirun tena kahama, achana nayo.

Sasa tuje kwa dalali wako. Chukua karatasi uchore watu 5 wa Kirumba, wote wanauziana wenyewe kwa wenyewe, na watu 5 wa Nansio hivyohivyo. Dalali ana mistari miwili tu, mmoja kwa tajiri wa Kirumba na mwingine kwa tajiri wa Nansio. Wenzake wote wana minne au mitano, kwahiyo ukihesabu mistari yeye ndo wa mwisho. Lakini mtu yeyote wa Kirumba akitaka kumfikia wa Nansio lazima apite kwake, 5 mara 5, jozi 25. Yule tajiri wa Kirumba zinapita kwake 24. Hiyo hesabu ndo Gephi inaita `Betweenness Centrality`, unaipata ukirun `Network Diameter` upande wa Statistics (chagua undirected, na usitiki ile ya normalize ukitaka kuona 25 yenyewe).

Haya, ongeza mstari mmoja tu, hao matajiri wawili wameanza kupigiana simu wenyewe. Run layout tena. Dalali bado utamkuta pale kati ya makundi mawili, labda kasogea pembeni kidogo, maana bado anavutwa pande zote mbili. Ila betweenness yake sasa ni 0! Sifuri kabisa, njia fupi zote zinapita kwa matajiri moja kwa moja na wao wamebaki na 24 zao. Picha karibu ileile, ila mtu kwisha habari yake. Kwahiyo anayekaa katikati anaweza kuwa daraja au anaweza kuwa mtu anayejuana na pande mbili basi, kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Kujua haraka, sevu kopi ya faili, nenda Data Laboratory umfute dalali, kisha run `Connected Components`. Ikitoka 2 wakati mwanzo ilikuwa 1, basi kweli alikuwa anashikilia pande mbili. Ikibaki 1 soko linaendelea bila yeye.

Kingine kinachodanganya ni ujirani. Kwenye wa kwangu niliochora kuna kina mama wa Ukara wamejikusanya kama kikundi kimoja kizuri, mtu wa mradi akaona akasema hao tuwape mkopo wa pamoja. Nikamwambia zoom uone, kati yao hakuna mstari hata mmoja! Wote wanamuuzia mnunuzi yuleyule, anawavuta upande mmoja basi wanaonekana wamekaa pamoja, kumbe wengine hata hawafahamiani. Kundi la kweli lina mistari mingi ndani kwa ndani na michache ya kutoka nje. Rangi za `Modularity`, ile hesabu ya Gephi inayogawa nukta kwenye makundi, nazo zisikutishe, badilisha Resolution uone makundi yanavyoongezeka na kupungua, data haijaguswa.

Halafu swali ambalo hujasema mkuu, hao watu ulihoji nani? Maana kama ulikaa Mwaloni ukahoji madalali, kila dalali kakutajia wateja wake wote, na hao wateja hukuwafuata kuwauliza wao wanauza kwa nani tena. Lazima madalali watoke na minukta mikubwa yenye mistari kibao na wengine waning'inie na mstari mmoja mmoja, hata kama soko halipo hivyo. Weka safu kwenye data, aliyehojiwa na aliyetajwa tu, wape rangi tofauti. Ukikuta manukta makubwa yote ni rangi ya waliohojiwa, panda boti uende Nansio ukawaulize na wale waliotajwa, ndo urun tena.