Hicho kitabu cha majibu kifunge, mdogo wangu

"Wakuu, nimebakiza mwezi mmoja niingie kwenye pepa la kidato cha nne. Hesabu ndiyo inanitisha. Nirudie notsi zote au nipige pepa za nyuma? Nina kitabu cha maswali na majibu yake cha miaka kumi, nimepanga nikipitie chote mara mbili."

Piga pepa za nyuma. Lakini hicho ulichopanga kufanya na hicho kitabu siyo kupiga pepa, na ndicho kilichonilia mwaka mzima wa maisha yangu.

Mwaka 2016 nilikuwa na kitabu cha aina hiyohiyo. Swali juu, jibu lake chini, hatua kwa hatua. Kila jioni nilikaa nacho na penseli: nasoma swali, nasoma jibu, naona kila mstari unaingia akilini, napiga vema pembeni. Kufikia wiki ya mwisho kurasa zote zilikuwa na vema mbili. Nikaingia chumba cha mtihani nikiwa na uhakika, na kwenye sehemu B nikaandika fomula ya swali la kwanza nililolichagua, nikashika kalamu, nikakwama. Fomula naijua, cha kuweka ndani yake sikijui. Nikarukia swali la pili, nako vilevile. Matokeo yakaja na D ya Hesabu, tahasusi ya PCM ikaota mbawa, na mwaka uliofuata nikarudi kama mtahiniwa wa kujitegemea huku wenzangu wakiwa kidato cha tano.

Hasira yangu mpaka leo ni kwa mwalimu wa tuisheni aliyetuuzia vile vitabu. Alituambia, "Maswali yanajirudia, someni majibu haya mkayazoee." Mada ndizo zinazojirudia. Namba, mpangilio na mtego havijirudii. Naye alijua, kwa sababu alikuwa anafundisha Hesabu miaka yote. Alichukua hela za watoto akawapa kitu cha kuwatuliza roho.

Ngoja nikuonyeshe mahali ambapo jibu lililoandikwa tayari linakudanganya. Namba nimeziweka mwenyewe. Mji P upo latitudo 5° Kusini, longitudo 39° Mashariki. Mji Q upo latitudo hiyohiyo, longitudo 15° Magharibi. Tafuta umbali kati yao kwa kufuata latitudo, ukichukua nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,370 na π ni 3.14.

Kitabu kitakuandikia hivi:

```
(54/360) × 2 × 3.14 × 6370 × cos 5° = 5978 km
```

Ukisoma mstari huo unasema, ah, rahisi. Lakini 54 imetoka wapi? Hapo ndipo swali lilipo. Mmoja yuko mashariki na mwingine magharibi, kwa hiyo unajumlisha 39 na 15. Wangekuwa upande mmoja ungetoa. Na jumla ikizidi 180, unaitoa kwenye 360 ili upate njia fupi. Uamuzi huo kitabu kimekufanyia, wewe umebaki kuangalia kuzidisha. Ndani ya chumba cha mtihani, mtu ambaye hajawahi kuamua mwenyewe anatoa 15 kwenye 39, anapata 24, anamaliza na kilomita 2,657 hivi. Jibu linaonekana zuri tu, hakuna kinachokushtua. Mimi nilikuwa huyo mtu. Dawa yake ni mchoro mdogo: chora mstari, weka 0° katikati, P kulia, Q kushoto, uone kwa macho kwamba umbali unavuka katikati. Ila mkono hauendi kuchora kama haukuzoeshwa kuchora bila jibu pembeni.

Notsi nazo zina ugonjwa huohuo kwa njia nyingine. Daftari lako limepangwa kwa mada, kwa hiyo ukifungua kurasa za logarithimu unajua tayari kwamba utatumia logarithimu. Pepa halikuambii. Linakupa swali la pembetatu, na ni juu yako kutambua kama ni Pythagoras, ni sine, au ni pembetatu zinazofanana. Kutambua huko kunajengwa kwa kukutana na maswali yaliyochanganyika, kalamu ikiwa mkononi.

Mwaka wa pili nilifanya hivi. Jumamosi saa mbili asubuhi naanza pepa zima, simu iko kwa mama, na nina four figure tu, maana wakati wetu kalkuleta haikuruhusiwa (wewe angalia maelekezo ya pepa lako). Nakaa nalo kwa muda wa saa tatu kamili. Alama 100 kwa dakika 180 ni karibu dakika mbili kasoro kwa alama moja, kwa hiyo swali la alama 6 nalipa dakika 11 na la alama 10 nalipa 18. Dakika zikiisha naacha nafasi, naendelea mbele. Pepa la kwanza nilipata 31, na karibu nilie, kwa sababu yale maswali nilishayapigia vema mwaka uliotangulia.

Jioni ileile nasahihisha, na hapo ndipo jibu linafunguliwa kwa mara ya kwanza. Kwenye kaunta buku naandika mstari mmoja tu kwa kila kosa: "nilitoa badala ya kujumlisha", "nilisoma sine kwenye ukurasa wa cosine", "nilisahau kubadili alama ya mlinganyo usio sawa nilipogawanya kwa hasi". Kama kosa ni la kutoelewa mada kabisa, hapo ndipo notsi zinafunguliwa, mada hiyo tu, siyo daftari zima. Halafu baada ya siku tatu swali lile nalifanya upya kwenye karatasi tupu. Nikikwama tena, linarudi baada ya siku tatu nyingine. Pepa la nne lilinipa 44, la mwisho 63, na mtihani wenyewe ukanipa B.

NECTA pia wanaweka kwenye tovuti yao ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure kabisa, zenye picha za majibu mabovu na mazuri ya watahiniwa wenyewe. Zisome baada ya kufanya pepa la mwaka huo, siyo kabla. Na uwe mwangalifu na pepa za zamani: wakati wangu sehemu B ilikuwa na maswali sita unachagua manne, siku hizi maswali yote 14 ni lazima. Ukifanya pepa la zamani usijipe uhuru wa kuchagua, yafanye yote sita hata kama muda utazidi.

Una masomo mengine, kwa hiyo mapepa mawili ya Hesabu kwa wiki yanatosha. Yatakuwa manane mpaka siku yenyewe. Hicho kitabu chako nakili maswali yake kwenye karatasi, kisha mpe dada au kaka akifungie kabatini akupe usiku tu, ukishamaliza kuandika. Jumamosi hii anza. Ukisahihisha, rudi hapa uniandikie swali namba ngapi lilikukwamisha na uliandika mstari gani wa mwisho kabla ya kukwama, nitakuonyesha pa kuanzia.