Muhtasari usomwe kwanza, ripoti ikiwa imefungwa

"Wakuu, nina ripoti 40 za biashara za wanafunzi wa stashahada. Muhtasari una alama 10. Nimepanga kusoma ripoti nzima kwanza, nikishaielewa ndipo nirudi kwenye muhtasari nione kama takwimu zinafanana."

Usifanye hivyo, mkuu! Mimi nilifanya, mtahini wa nje akanirudishia ripoti 64 nizisahihishe upya.

Iliyoniponza ilihusu kiwanda kidogo cha mikate. Muhtasari ulisema: "Mauzo yamepanda kwa asilimia 20 na faida kwa asilimia 3. Chaguo B lipitishwe." Nikatoa 9. Nilikuwa nimetoka kusoma ripoti nzima, hivyo nilijua kwamba Chaguo B ni kununua tanuri la pili kwa mkopo. Muhtasari haukutaja tanuri wala mkopo. Nilijaza mwenyewe kichwani, kisha nikampa mwanafunzi alama za kitu ambacho hakukiandika.

Kwenye takwimu ndiko nilikoumia zaidi. Ile 3 niliikumbuka kutoka ndani ya ripoti, nikaweka vema. Kumbe jedwali lilionyesha mauzo kutoka shilingi milioni 240 hadi 288, na faida kutoka milioni 28.8 hadi 43.2. Mauzo ni kweli yalipanda kwa asilimia 20. Lakini faida ilipanda kwa milioni 14.4, yaani asilimia 50! Kilichopanda kwa 3 ni sehemu ya mauzo inayobaki kuwa faida: ilitoka asilimia 12 ikafika 15, na hizo ni pointi 3 za asilimia. Mkurugenzi anayesoma ukurasa huo peke yake angeona faida haijasogea, akakataa tanuri.

Aliyenifundisha kuanza na ripoti ni mwalimu mwenzangu mkongwe. "Muhtasari ni dakika mbili tu, umalizie nao." Hadi leo nikikumbuka kauli hiyo napandwa na hasira, maana waliokaa wiki tatu zaidi wakisubiri matokeo ni wanafunzi.

Sasa nafanya hivi. Ripoti naifunga, nasoma muhtasari peke yake, halafu naandika pembeni kwa maneno yangu: tatizo ni nini, kimegundulika nini, kifanyike nini na kwa gharama gani. Nisichoweza kuandika, hakimo, nakata alama papo hapo. "Chaguo B" au "kama Jedwali la 4" hainipi kitu. Ndipo nafungua ripoti, napigia mstari kila namba ya muhtasari, natafuta chanzo chake, naandika ukurasa juu yake. Asilimia naikokotoa upya kwa kikokotoo, na naangalia kipimo: jedwali likiwa na "TZS '000", 43,200 ni milioni 43.2.

Aliyekadiria "karibu milioni 43" simkati. Jedwali lenyewe likiwa na kosa na muhtasari umelinakili sawasawa, namkata kwenye jedwali, simrudii kwenye muhtasari.

Kama umeshaanza kusoma hizo 40, weka pembeni ulizosoma na mwombe mwenzako ambaye hajazigusa akusomee mihtasari ya ripoti hizo.