Presha imeonekana baada ya kusaini fomu ya bima

"Nilisaini fomu ya bima ya maisha tarehe 3, kliniki hapa Mbarara ikanipima presha ikawa juu tarehe 14. Bima inaanza tarehe 1 mwezi ujao. Fomu ilikuwa ya kweli siku ile, bado niwaambie?"

Ndiyo, ndugu, waambie. Wajibu wa kueleza haufungwi na saini yako. Unaendelea hadi kampuni ikubali na mkataba uanze. Fomu nyingi zina sentensi kwamba bima haianzi kama afya yako imebadilika kabla ya malipo ya kwanza. Itafute juu ya saini yako. Mwaka 1928 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya namna hii: mtu aliugua nimonia kabla bima haijaanza, kampuni haikuambiwa, akafa, na warithi wakakosa fidia.

Usimwambie ajenti kwa simu tu (ajenti anataka kamisheni yake). Andika barua kwa kampuni, taja namba ya fomu, tarehe ya kipimo na dawa ulizopewa, ambatisha karatasi ya kliniki, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Subiri jibu la maandishi kabla ya kulipa. Wanaweza kukukubali vilevile, kuongeza malipo, kuahirisha hadi presha itulie, au kukataa.

Ugonjwa ukigundulika tarehe 10 mwezi ujao, bima ikiwa imeshaanza, kwa kawaida hudaiwi kuwaeleza, isipokuwa mkataba wenyewe useme hivyo au bima ikilala kwa kukosa malipo nawe ukataka kuifufua.