Kamera zinakula njia, fundi anauza busta

Swali: Habari mtaalamu. Nina intaneti ya 20 Mbps kushuka na 5 Mbps kupanda, runinga janja mbili na kamera tatu za waifai zinazorekodi mtandaoni. Jioni simu za video zinagandaganda. Fundi anasema ninunue busta. Ninunue? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Usinunue. Kila wiki naletewa busta iliyonunuliwa kwa ushauri kama huo, na tatizo liko palepale.

Wengi huilaumu runinga kwa sababu ndiyo wanayoiona ikiwaka. Lakini filamu inashuka, na kwenye kushuka una nafasi. Kamera zinapandisha. Kamera moja ikituma 1.5 Mbps mfululizo, tatu ni 4.5 Mbps, na njia yako ya kupanda ni 5. Kwa siku nzima hiyo ni takriban GB 49, hata kama hakuna aliyepita getini. Simu ya video nayo inataka kupandisha sura yako, ndiyo maana inaganda. Hata kushuka kunadorora, kwa kuwa kila mzigo unaopokea lazima urudishiwe risiti, na risiti hizo zinapanga foleni nyuma ya picha za kamera.

Hakikisha mwenyewe jioni, kwa kompyuta iliyo kwenye waifai hiyohiyo. Weka anwani ya ruta yako kama si hii:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ruta ikijibu kwa milisekunde chache huku ya pili ikifika mamia, foleni iko kwenye njia ya kutokea nje. Chomoa kamera zote, pima tena. Ikishuka, mchawi umemwona. Isiposhuka, mpigie anayekuuzia intaneti. Ruta yenyewe ikichelewa kujibu, hapo huenda ni hewa ya waifai iliyojaa, na busta ya kawaida huizidisha, maana hurudia hewani kila kinachopita kwake.

Dawa: weka kadi ya memori kwenye kila kamera, irekodi humo, na mtandaoni ipeleke tukio tu. Kwenye mipangilio badili `Continuous` iwe `Motion`. Inayotazama barabara ichorewe eneo la geti peke yake, la sivyo kila bodaboda itakuwa tukio.

Kama baada ya hapo bado kamera inapandisha usiku kucha, muulize fundi wako aliacha nywila gani. Hawa wa kufunga na kuondoka huacha `admin` ya kiwandani, nami nimechoka kuwasafishia. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi kwa kujaribu nywila za namna hiyo, kikazitumia kushambulia mitandao ya watu wengine, wenyewe wakidhani intaneti yao ni mbovu tu. Iliyo hivyo irudishe hali ya kiwandani, isasishe, uipe nywila mpya kabla hujairudisha kwenye waifai.