Mguu wangu wa tende na ufa mdogo wa vidoleni

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kilwa aliniandikia hivi: "Shikamoo mama. Mama yangu mzazi ana tende la mguu wa kulia, mwaka wa tisa sasa. Kila baada ya miezi miwili au mitatu anashikwa na homa kali na mtoki, na kila akipona mguu unabaki mkubwa kuliko ulivyokuwa. Tunamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi na kumsugua ngozi ngumu kwa jiwe. Tuongeze nini?"

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako niliusoma mara tatu, kwa sababu yote uliyoyataja nilifanyiwa mimi pia, nyumbani kwetu Pangani, na watu walionipenda. Ninakujibu hapa ili wasome na wengine wenye mgonjwa ndani. Hakuna cha kuongeza. Kwanza kuna mambo mawili ya kuacha, nayo ni hayo maji ya moto na hilo jiwe.

Mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba mwaka 1998, nilipokuwa na umri wa miaka 27 na tayari nikishona kwa cherehani yangu mwenyewe. Jioni kifundo kilikuwa kinajaa, na asubuhi ninaamka kimenywea kana kwamba hakikuwa na kitu. Baada ya kama mwaka mmoja kikaacha kunywea. Ikasemwa kwamba nimekanyaga tego, nikapelekwa kwa mganga, nikachanjwa chale kuzunguka kifundo chote, na zile chale zikaoza. Posa iliyokuwa imeletwa nyumbani ikarudishwa, kwa maelezo kwamba ugonjwa huu unarithiwa na watoto. Ni miaka mingi imepita, na bado ninaumia ninapoandika sentensi hiyo, kwa sababu haikuwa kweli. Tende halirithiwi, wala halimpati mtu kwa kukalia kiti alichokalia mgonjwa. Linaletwa na minyoo midogo mfano wa nyuzi inayopitishwa na mbu, na kwa kawaida mtu huumwa na mbu hao kwa miaka mingi, mara nyingi tangu utotoni, kabla mguu haujaonyesha dalili yoyote.

Minyoo hiyo hukaa ndani ya mishipa ya limfu, yaani mifereji myembamba inayorudisha majimaji ya mwili kutoka miguuni. Mishipa ikishatanuka na kuharibika, majimaji hutuama, na ngozi iliyolowana kutoka ndani hupoteza uwezo wake wa kujilinda. Sasa, mwanangu, hili ndilo ambalo kwa miaka 18 hakuna aliyenieleza: mguu ukishafika hapo, kinachouongeza ukubwa si minyoo. Minyoo yenyewe inaweza kuwa imekufa siku nyingi. Kinachouongeza ni bakteria wa kawaida wanaoishi juu ya ngozi, ambao huingia ndani kupitia ufa mdogo, mara nyingi katikati ya vidole, na humo hukuta majimaji yaliyotuama yasiyo na ulinzi. Homa na mtoki ndiyo vita hiyo. Kila homa moja huacha makovu kwenye mishipa iliyobaki, ngozi huongezeka unene na ugumu, na mguu haurudi pale ulipokuwa.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo ninaweza kukuonyesha kwa tepu ya kupimia. Mwanzoni mwa mwaka 2016 mguu wangu mgonjwa, ukiupima sentimita 10 juu ya kifundo, ulikuwa na mzunguko wa sentimita 30, na ule mzima 23. Siku moja nilinunua jiwe la kusugulia magaga, nikausugua ukoko wa kisigino na wa juu ya vidole hadi pakawa pekundu, nikafurahi kwamba ngozi imelainika. Siku ya tatu, alfajiri, nilianza kutetemeka meno yakagongana. Kinena kikavimba mtoki wa ukubwa wa yai. Kufika adhuhuri mguu ulikuwa mwekundu, unawaka, na hata shuka lilipougusa niliumia. Shangazi yangu akaukanda kwa maji ya moto, ngozi ikababuka, ukawa jeraha juu ya jeraha. Nililala siku 9. Ngozi ilipomaliza kubanduka nilichukua tepu ileile nikapima: sentimita 33. Sentimita tatu kwa homa moja, na mkunjo mpya ukawa umejitokeza mbele ya kifundo, ambao sikuwa nao.

Katika hospitali moja nilikokwenda na mguu huo, waliokuwa wamekaa benchi moja nami waliinuka mmoja mmoja hadi nikabaki peke yangu, na mhudumu akawaangalia bila kusema neno. Sitaitaja. Ninachotaka kukitaja ni zahanati niliyokwenda baadaye, ambako muuguzi mmoja mzee aliomba beseni, akapiga magoti, akauosha mguu wangu kwa mikono yake mitupu huku akinieleza kila anachofanya. Alipofika kati ya kidole cha nne na kidole kidogo alivitenganisha taratibu akaniambia niiname nitazame. Palikuwa na ngozi nyeupe iliyolainika kama ya mtu aliyekaa majini, na chini yake ufa mwekundu usiozidi urefu wa punje ya mchele. "Homa zako zote zinapita hapa," akasema. Zilikuwa ni fangasi. Nilikuwa nimeishi nazo miaka yote, zinaniwasha, nami ninazikuna.

Tangu siku ile ninaosha mguu kila jioni, baada ya kufunga kazi, na nitakueleza ninavyofanya kwa sababu namna yenyewe ndiyo dawa. Ninateka ndoo ya maji safi ya kawaida, ambayo mkono hauhisi moto wala baridi kali. Sabuni ni ya kuogea isiyo na manukato, kama zile za watoto wachanga, kwa sababu sabuni ya mche ya kufulia inakausha ngozi na kuipasua. Ninaanzia chini ya goti, pale uvimbe unapoanzia, ninashuka polepole hadi unyayoni, ninafungua kila mkunjo kwa kidole, kisha napitisha kitambaa laini kati ya kidole na kidole. Situmii brashi, wala dodoki, wala kucha. Ninasuuza na kurudia hadi maji yanayotiririka yawe meupe, kisha naosha na ule mguu mwingine usioumwa vilevile.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa maana mguu uliooshwa ukaachwa na unyevu vidoleni ni shamba la fangasi. Nina vipande vya kanga kuukuu nilivyovikata vyembamba, ambavyo hufuliwa na kuanikwa juani. Ninavigandamiza juu ya ngozi bila kusugua, kisha ninapitisha kipande kimoja kati ya kila vidole viwili na ndani ya kila mkunjo hadi kitoke kikavu. Palipo pagumu kufikika ninapunga kwa kipepeo. Baada ya hapo ninauweka mguu kwenye mwanga na kuukagua, na unyayo ninauangalia kwa kioo cha mkononi. Ninatafuta weupe, unyevu, harufu, ufa, mkwaruzo au kucha iliyoingia nyamani. Nikikuta weupe wa fangasi ninapaka krimu ya klotrimazoli asubuhi na jioni, na siachi siku ile muwasho unapokoma. Ninaendelea wiki mbili zaidi baada ya ngozi kukauka, kwa kuwa nilikuwa naacha mapema nao unarudi.

Kuhusu ngozi ngumu, ambayo najua ndiyo inayomtia mama yako aibu: usiikwangue, usiikate, usiibandue. Ipake vaselini au glisirini ikiwa bado ina unyevu kidogo wa kuogea, na uache muda ufanye kazi, lakini mafuta hayo yasiingie kati ya vidole. Yangu ilichukua miezi kama minane kuanza kulainika. Ile inayofanana na gome la mti nyuma ya kisigino ipo bado, ila haipasuki tena, na kutopasuka ndiko ninakokutaka.

Majimaji nayo yanahitaji njia ya kupanda. Nikikaa kushona nilikuwa nauning'iniza mguu siku nzima. Sasa kila baada ya nguo moja nauweka juu ya kigoda chenye mto, goti likiwa limekunjika kidogo, unyayo ukiwa usawa wa nyonga, na ninauzungusha kifundo kulia na kushoto. Usiku matendegu ya kitanda upande wa miguuni yamesimama juu ya tofali moja moja. Mwenye ugonjwa wa moyo asiinue kitanda kabla ya kuongea na daktari. Viatu ni makubazi mapana niliyoshonewa na fundi viatu kwa kipimo changu, kwa kuwa kiatu kinachobana ni kidonda cha kesho.

Homa ikija licha ya yote hayo, mazoezi yanasimama. Mgonjwa alale, mguu uinuliwe, uwekewe kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi, anywe maji mengi na ameze parasetamoli, kisha aende kituo cha afya apewe viuavijasumu na avimalize vyote. Akichanganyikiwa, akitapika au mguu ukitoa usaha, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Chale, wembe, majani na maji ya moto visimkaribie, na hapa ninawaambia mashangazi na mama wakubwa wote bila kuwakosea adabu: upendo wenu hautoshi ikiwa mikono yenu inafungua ngozi.

Mguu wa mama yako hautarudi kuwa kama ule mwingine, na anayewaahidi hilo kwa fedha anawadanganya. Zile kingatiba zinazogawiwa vijijini, ivamektini na albendazoli, ambazo kwetu Tanzania Bara zilianzia Mafia mwaka 2000, hazipunguzi uvimbe. Kazi yake ni kuua vijiminyoo vilivyomo kwenye damu ili mbu asivibebe kwa mtoto wa jirani. Anywe hata hivyo, na wewe unywe, kwa sababu anayemeza leo akiwa na mguu mzima ndiye anayenufaika zaidi. Mimi, kila tarehe mosi, asubuhi kabla sijashuka kitandani, ninapima palepale kwa tepu ileile. Mwezi huu ni sentimita 29. Ni miaka mitatu na miezi minne sijalala na homa ya mtoki, na sioni haya kusema kwamba ninajivunia.

Niliyoyaandika hapa nilimweleza binti kwa simu siku ileile, nikamwomba asinunue chochote kwanza, aketi tu na mama yake mbele ya taa na kuvitenganisha vidole kimoja kimoja. Jana usiku amenipigia. Ameukuta katikati ya kidole cha tatu na cha nne, ngozi nyeupe, harufu, na ufa mwembamba ambao mama yake mwenyewe hakujua kuwa upo. Jiwe wamelitupa. Leo jioni wanaanza kuosha.